Elastisiti ya mahitaji: noti za kitabu, lekcha na semina zimewekwa pamoja

Wadau, nimekaa na madaftari matatu tangu jana usiku, umeme wa Moshi nao ukinichezea, ndo nikagundua kwa nini tunapata majibu tofauti. Kitu ni kilekile ila kila mmoja anakiandika kivyake.

Maana: bei ikibadilika kwa asilimia fulani, kiasi kinachonunuliwa kinabadilika kwa asilimia ngapi. Humu naandika Ed kila mahali (semina waliandika e, lekcha PED, ni hiyohiyo). Alama ya kutoa tunaibakiza kwenye hesabu, ila tukisema kubwa au ndogo kuliko 1 hatuiangalii.

Mfano wa lekcha, mikungu ya ndizi pale Mbuyuni, namba za kubuni: bei 10,000 watu wananunua 100, ikipanda 12,000 wananunua 90. Lekcha aligawa kwa namba za mwanzo, -10% kwa 20%, akapata -0.5. Sasa rudi kinyumenyume, bei ishuke 12,000 hadi 10,000, unapata -0.67! Sehemu ileile ya mstari, majibu mawili. Kitabu kinatibu hilo kwa kugawa kwa wastani, P ni bei na Q ni kiasi kinachonunuliwa:

```
Ed = ((Q2-Q1)/((Q1+Q2)/2)) / ((P2-P1)/((P1+P2)/2))
```

Hapo ni -10/95 kwa 2,000/11,000, jibu -0.58 uende au urudi. Kwa hiyo ukipewa pointi mbili tumia hii, ya lekcha ibaki kwa pale swali linapokupa asilimia moja kwa moja.

Semina ndo ilituvuruga kabisa, maana ubaoni iliandikwa mteremko ni elastisiti. Hapana aisee. Mstari wetu ni Q = 150 - 0.005P, mteremko wa Q kwa P ni -0.005 popote, ila Ed inahama kwa sababu unauzidisha na P/Q: kwenye bei 10,000 ni -0.5, kwenye 15,000 ni -1, kwenye 20,000 ni -2. Sehemu ya mstari yenye bei za juu watu wanakimbia bei, yenye bei za chini hawajali sana.

Mapato: 10,000 × 100 ni 1,000,000, 12,000 × 90 ni 1,080,000. Ed chini ya 1, muuzaji akipandisha anapata zaidi.

Kuhusu vinavyoibadilisha Ed, madaftari yote matatu yanakubaliana: mbadala, sehemu ya kipato inayotumika, muda. Ed ya chumvi ni ndogo, ya ndizi za mama mmoja wakati jirani yake anauza zilezile ni kubwa mno (hii ya semina ni nzuri, itumieni kwenye insha).

Jaribuni hii kabla ya kesho: mstari uleule, bei 18,000 hadi 20,000. Mimi nimepata -1.73, mapato yameshuka toka 1,080,000 hadi 1,000,000. Mwenye jibu tofauti aje na hatua zake zote, sio jibu tupu.