Tingatinga Anaondoka: Hotuba ya Kumuaga Nahodha Wetu

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, kocha, wachezaji wenzangu, watoto mliopanda juu ya ukuta ingawa viti vipo, na ninyi wenzetu wa ng'ambo ya mto ambao kwa miaka yote hii tumekuwa mahasimu wa dakika tisini tu: karibuni sana, na asanteni kwa kuja.

Nimepewa kazi ya kusema kwa sababu moja, kwamba mimi ni kipa. Wenzangu walikaa wakaona hakuna mtu aliyemtazama nahodha kwa muda mrefu kuliko mimi. Ni kweli, ila nilichokuwa nakitazama ni kisogo chake na ile namba tano mgongoni. Sura yake nilikuwa naiona pale tu anapogeuka kuniambia, "Sogea mbele kipa, umeganda kwenye mstari." Kwa hiyo nikimwelezea vibaya kwa mbele, shemeji yupo hapa atanisahihisha.

Leo kaka yetu anatundika daluga. Kitambaa ameshakivua, na kocha atakikabidhi kwa mwenyewe baadaye, mimi simo kwenye hilo. Langu ni jina.

Mnajua wote kwamba jina lake la uwanjani ni Tingatinga. Vijana wadogo wanaliimba bila kujua lilitoka wapi, basi ngoja niwaambie, kwa sababu wazee wanacheka tayari. Alipoanza kucheza beki wa kati alikuwa na mguu mmoja wa kwenda mbele na hakuwa na mguu wa kusimama. Winga akija na mpira, kaka alikuwa anaondoa vyote viwili. Siku ile alipompitia mshambuliaji mpaka wakaangukia kwa pamoja kwenye vibao vya watazamaji, mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu si beki, huyu ni tingatinga." Uwanja mzima ukaitikia. Refa naye akaitikia kwa namna yake, akatoa kadi nyekundu.

Hapo niseme kidogo habari ya kadi. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Meksiko, na mashindano yale yaliisha bila mchezaji hata mmoja kutolewa nje. Nyekundu ya kwanza ya Kombe la Dunia ilisubiri mpaka 1974, akapewa Carlos Caszely wa Chile. Dunia nzima ilivumilia miaka minne! Kaka yetu hakuvumilia hata msimu. Na alipokuwa anatoka nje siku ile alikuwa anabishana na refa, na mshika kibendera, na mwisho akabishana na mlinzi wa baiskeli ambaye hakuwa ameona tukio lenyewe.

Huyo ndiye Tingatinga. Jina lilimfaa, na halikuwa la matusi; kwenye mpira majina hutokea hivyo. Garrincha wa Brazil alipewa na dada yake jina la ndege mdogo, na dunia ikasahau kwamba alikuwa na jina jingine. Lev Yashin, kipa wa Urusi ya zamani ambaye sisi makipa tunamwamkia hata akiwa marehemu, walimwita Buibui Mweusi kwa jezi yake nyeusi na mikono iliyofika kila kona. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, nani hajasikia Sunday Manara akiitwa Kompyuta? Jina zuri la mpira hupewi na mama yako. Unapewa na watu waliokuona ukifanya jambo.

Shida ya jina la Tingatinga ni kwamba mwenyewe alihama, jina likabaki pale pale. Kocha alipomvisha kitambaa, wengi wetu tuliguna. Mimi niliguna kwa sauti kabisa. Nahodha gani anayelala na kadi? Lakini kocha alijua kitu. Sheria za mpira zinasema nahodha hana hadhi ya pekee wala upendeleo wowote, ila ana kiasi fulani cha wajibu juu ya mwenendo wa timu yake. Basi! Hakuna mshahara, hakuna ruhusa ya kumfokea refa, kuna wajibu tu. Wapo manahodha wanaovaa kitambaa miaka kumi bila kuelewa sentensi hiyo. Huyu aliielewa haraka, sijui ni nani alimsomea.

Tulianza kuona vitu vidogo. Akienda kuongea na refa, mikono nyuma. Wote tuliokuwa tunamzonga refa kama kuku wamemwagiwa mtama, alikuwa anaturudisha kwa kiganja, halafu anakwenda peke yake, anauliza swali moja, anasema "sawa refa", anarudi. Siku hizi mashindano makubwa yameweka utaratibu huohuo, kwamba nahodha peke yake ndiye amsogelee refa kuomba ufafanuzi. Kwenye Euro ya 2024 mliona wenyewe. Kijiji chetu kilikuwa kimeshafika huko zamani, ila hakukuwa na kamera.

Halafu kuna habari ya sarafu. Hii inanigusa mimi, naomba mnivumilie. Tangu 2019 sheria inamruhusu anayeshinda kura ya sarafu kuchagua goli la kushambulia au kuanza na mpira. Manahodha wengi wanakimbilia mpira, maana mpira unameremeta. Yeye akishinda, kila mara anachagua goli, na kila mara tunaanza kwa mimi kulitazama jua. Nililalamika sana mwanzoni. Akanijibu, "Jua la saa kumi liko juu, kofia inatosha. Jua la kipindi cha pili linaingia chini ya kofia, hilo mwachie kipa wao." Wenzetu wa ng'ambo ya mto, naona kipa wenu anatikisa kichwa. Ndiyo, ndugu yangu, ilikuwa makusudi. Sasa anastaafu, tunaweza kuwaambia.

Lakini jina tunalompa leo halikutoka kwenye sarafu. Limetoka kwenye ile penalti.

Mliokuwepo mnaikumbuka. Mechi ya mwisho ya msimu, sare inatutosha, dakika zimekwisha tuko kwenye nyongeza. Mpira unagonga mkono wa beki wetu ndani ya boksi. Uligonga au haukugonga, hilo tumelibishana mpaka leo na sitalifungua hapa, kuna watu hawataondoka. Refa akapuliza, akaonyesha doa. Hakuna aliyesikia kipenga. Yaani kilisikika, ila hakikusikilizwa. Wachezaji wetu wanamzunguka refa, watazamaji wamevuka kamba, nikamwona mtu mzima, tena mwenye heshima zake, ameshika kiatu mkononi. Refa alikuwa kijana mdogo na alikuwa ameanza kurudi nyuma hatua moja moja. Kwa mpira wetu wa vijijini, refa akianza kurudi nyuma mnajua kinachofuata: mechi inavunjika, barua inaandikwa, timu inafungiwa.

Kaka alikuwa upande wa pili wa uwanja. Hakukimbia. Alitembea, mkono mmoja juu, kiganja wazi, akapita katikati ya watu bila kumgusa mtu. Akafika kwa refa, mikono ikaenda nyuma. Waliongea maneno machache. Kisha akainama, akauokota mpira, akaupangusa tope kwa jezi yake, akaenda kuuweka yeye mwenyewe kwenye doa. Penalti ya kutufunga sisi! Akaukandamiza kidogo usije ukaviringika. Halafu akageuka akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwambia mtu apishe mlangoni: "Wote nje ya boksi. Kipa, kaa kwenye mstari." Watu wakatoka. Yule mwenye kiatu akavaa kiatu chake.

Wale wakafunga. Mimi niliruka kulia, mpira ukaenda kushoto, ubingwa ukavuka mto. Ndugu zetu hawa waliubeba hapa hapa mbele yetu, na kaka akawa wa kwanza kumpa mkono nahodha wao.

Usiku ule kulikuwa na watu waliosema ametuuza. Nasema wazi kwa sababu yeye alisikia na hakujibu. Lakini msimu uliofuata tulicheza. Timu yetu haikufungiwa, uwanja wetu haukufungiwa, na yule refa kijana alirudi kuchezesha hapa kwa hiari yake. Vijana wote wa safu ya mbele tunaojivunia leo walianza kuvaa jezi msimu ule ule. Kama mechi ile ingevunjika, wangeanzia wapi?

Na tangu siku ile mambo yalibadilika uwanjani. Refa akipuliza, wachezaji hawamtazami tena refa. Wanamtazama nahodha. Mkono ukiinuka, mjadala umekwisha. Hata sisi kwa sisi mazoezini tukigombana, mtu atasema, "Subiri kipenga cha pili," wote tunageuka kumwangalia yeye. Kwa hiyo jina hili hatukulitunga kamati. Lilikuwa linatumika chini kwa chini, naye alijifanya halisikii.

Basi kwa idhini ya wazee, ya kocha, na ya shemeji ambaye tulimuuliza kwanza kwa sababu ndiye atakayeishi nalo, kuanzia leo jina la Tingatinga tunalistaafisha. Asipewe beki mwingine yeyote, na kijana akicheza rafu asipakwe sifa kwa jina hilo. Nahodha wetu mstaafu sasa anaitwa Kipenga cha Pili. Mkiwa na haraka, Kipenga.

Jina hili la heshima lina haki zake, tumekubaliana. Kipenga ataketi kwenye benchi la timu mechi zote za nyumbani, halipi kiingilio, na hatabeba begi la mipira tena, ingawa najua atalibeba. Vilevile lina kazi. Vijana wa timu ndogo wataletwa kwake kila wiki, na somo la kwanza si kupiga mpira. Somo la kwanza ni kuongea na refa, mikono nyuma.

Jezi namba tano hatutaifungia kabatini. Mwenyewe amekataa, amesema jezi ni ya kuvaliwa. Ila ile aliyochezea mechi ya mwisho tumeiandika jina jipya mgongoni, herufi kubwa, ili hata mimi niliyezoea kumwona kwa nyuma nisipotee.

Nikihesabu tatu, tumwite kwa pamoja, na ninyi wa ukutani msianze kabla yangu. Moja. Mbili. Tatu. Kipenga! Kipenga! Kipenga!

Kaka, njoo uchukue jezi yako. Kocha, kitambaa tayari?