Mkataba wa Mkopo wa Biashara: Tafsiri kwa Matumizi ya Mkopaji

Mkopaji ni mwenye duka la vitenge, Soko la Kilombero, Arusha. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba ni ya mfasiri. Hayamo kwenye mkataba.

1. Mkopo. Benki inamkopesha Mkopaji Sh 6,000,000 za kununulia bidhaa za duka. Fedha zitaingizwa kwenye akaunti yake tarehe 5 Mei 2025, baada ya kukatwa ada ya maombi Sh 90,000 na bima ya mkopo Sh 60,000.

[Mama, mkononi utapata Sh 5,850,000, lakini deni na riba vinahesabiwa kwa milioni 6 kamili. Ukiagiza mzigo, panga kwa hiyo ndogo.]

2. Riba. Riba ni asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi, na inatozwa kwenye salio la deni lililobaki, si kwenye mkopo wote wa mwanzo.

3. Marejesho. Mkopaji atalipa Sh 567,358 kila tarehe 5 kwa miezi 12, kuanzia 5 Juni 2025 hadi 5 Mei 2026. Tarehe hiyo ikiangukia siku ambayo benki imefungwa, malipo ya siku ya kazi inayofuata hayahesabiwi kuwa yamechelewa. Rejesho la mwisho litarekebishwa kwa shilingi chache ili deni liishe kabisa.

[Hesabu inakwenda hivi. Juni: asilimia 2 ya 6,000,000 ni riba ya 120,000; zinazobaki, 447,358, zinapunguza deni, linakuwa 5,552,642. Julai: riba 111,053, deni linashuka hadi 5,096,337. Agosti: riba 101,927, deni 4,630,906. Unalipa kiasi kilekile, ila kila mwezi riba inakula kidogo na deni linapungua zaidi. Mwaka mzima riba ni kama Sh 808,000. Wakopeshaji wengine wanatoza asilimia 24 hiyohiyo kwa mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho: hapo riba ingekuwa 1,440,000 na rejesho 620,000. Kwa hiyo ukilinganisha mikopo, uliza rejesho la mwezi na jumla utakayolipa. Asilimia peke yake haitoshi.]

4. Mabadiliko ya riba. Benki inaweza kubadilisha riba kwa taarifa ya maandishi ya siku 30. Mkopaji asiyekubali anaweza kulipa deni lililobaki ndani ya siku hizo bila kutozwa ada.

5. Kuchelewa. Rejesho lililochelewa linatozwa faini ya asilimia 3 kwa mwezi, kwa kiasi kilichochelewa tu, na kwa siku zilizopita:

kiasi kilichochelewa × 3% × siku ÷ 30

6. Mpangilio wa malipo. Kila malipo yatakata kwanza faini, kisha riba, na mwisho deni la msingi.

[Soma 5 na 6 pamoja, ndipo watu wengi wanapokwama. Ukichelewa siku 10, faini ni Sh 5,674. Ukipeleka 567,358 pekee, faini inakatwa humo na rejesho linapungukiwa 5,674, ambazo nazo zinaendelea kuzaa faini. Peleka 573,032.]

7. Kukiuka mkataba. Mkopaji atahesabiwa amekiuka mkataba iwapo: (a) rejesho lolote, au sehemu yake, litabaki bila kulipwa kwa siku 30, (b) atauza au kuhamisha dhamana bila ruhusa ya maandishi ya Benki, au (c) taarifa alizotoa kuombea mkopo zitabainika kuwa za uongo.

8. Matokeo ya ukiukaji. Benki itampa Mkopaji na mdhamini notisi ya maandishi ya siku 21 ya kurekebisha kosa. Wakilipa yote yaliyochelewa pamoja na faini ndani ya siku hizo, mkataba unaendelea kama kawaida. Wasipolipa, deni lote litadaiwa kwa mkupuo: salio la msingi, riba hadi siku ya kulipa, na faini. Riba ya miezi ambayo haijafika haidaiwi.

[Yaani ukisimama baada ya rejesho la Agosti, wanachodai si 567,358 tena, ni 4,630,906 na nyongeza zake. Siku 21 ndizo za kuokoa duka. Usikatae kuipokea notisi.]

9. Dhamana. Dhamana ni bajaji ya Mkopaji na bidhaa za dukani. Muda wa notisi ukiisha, Benki inaweza kuziuza kwa mnada kupitia dalali. Fedha zikizidi deni na gharama za mnada, ziada ni ya Mkopaji. Zikipungua, Mkopaji na mdhamini watadaiwa kilichobaki.

[Bidhaa za kawaida unaziuza kila siku bila ruhusa, lakini maneno ya 7(b) hayasemi hivyo. Waombe waandike: “isipokuwa mauzo ya kawaida ya duka.” Usisaini kabla hawajaandika.]

10. Lugha. Tafsiri ikitofautiana na nakala ya Kiingereza, nakala ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa.

[Kwa hiyo marekebisho ya 7(b) yaandikwe kwenye nakala ya Kiingereza, yasainiwe pembeni na pande zote mbili. Kuyaandika hapa tu hakutakusaidia.]