Mpango wa Kurekodi Upya Mazungumzo: Onyesho la 4 (Kibirizi) na Onyesho la 9 (Mwanga)

Kwa mwongozaji, mhariri wa picha, msaidizi wa sauti na waigizaji.

Baada ya kusikiliza sauti yote ya siku za upigaji picha hapa Kigoma, nimeridhika kwamba maonyesho mawili tu ndiyo yanayohitaji kazi hii: la ufukweni Kibirizi, ambako injini za maboti zimemeza maneno, na la ndani ya nyumba Mwanga, ambako mvua ilipiga bati tangu mwanzo hadi mwisho. Mistari mingine iliyolalamikiwa itabaki kama ilivyo, au itaokolewa kwa kuchukua maneno yale yale kutoka marudio mengine ya siku ile ile, kwa kuwa sauti yenye kelele kidogo iliyotoka katika tukio lenyewe huaminika zaidi kuliko iliyo safi lakini imepoa.

Alama za muda zilizo hapa chini zimechukuliwa kwenye toleo la 6 la picha, kwa fremu 25 kwa sekunde. Mhariri wa picha anaombwa asiguse maonyesho haya tena bila kunijulisha, kwa sababu fremu moja ni milisekunde 40, na akikata fremu kumi kabla ya onyesho la 4 alama zote zinazofuata zitakuwa zimehama.

M4-01, Nahodha, 00:06:12:08 hadi 00:06:14:20: "Shusheni hayo magunia kabla ya mvua!" Mdomo unaonekana.

M4-02, Mama, 00:06:15:11 hadi 00:06:18:02: "Dagaa wangu wakilowa, nani atanilipa?" Mdomo unaonekana, p ya mwishoni isichelewe.

M4-05, Nahodha, 00:06:31:00 hadi 00:06:32:19: "Hiyo hesabu yako, mama." Ametupa mgongo, tuna uhuru wa muda.

M9-03, Binti, 00:14:40:05 hadi 00:14:43:22: "Mama, barua imefika tangu juzi, nikaogopa kukupa." Picha ya karibu.

M9-04, Mama, 00:14:45:16 hadi 00:14:46:15: pumzi, kisha "Isome."

Katika M4-02 hakuna b wala p isipokuwa ile ya "atanilipa", hivyo macho yetu yawe pale mwishoni na kwenye w za "wangu" na "wakilowa", ambazo hukunja midomo waziwazi.

Kila mstari utatanguliwa na milio mitatu, sekunde moja kati ya mmoja na mwingine, na mwigizaji ataingia pale ambapo mlio wa nne ungelia. Mama hasomi maandishi kwa wepesi, kwa hiyo hatapewa karatasi: atasikilizishwa mstari wa asili mara kadhaa kwenye hedifoni, kisha aurudie papo hapo. Kusema kweli ningependa wote wafanye hivyo, kwa maana anayesoma husikika anasoma. Lafudhi ya Kiha isinyooshwe.

Mistari ya Kibirizi ilisemwa mahali pa wazi pasipo ukuta wa kurudisha mwangwi, hivyo itarekodiwa katika chumba kilichozungushiwa magodoro na mablanketi mazito, usiku baada ya bodaboda kupungua, feni na friji zikiwa zimezimwa na kompyuta ikitumia betri. Tutatumia maikrofoni ile ile ya mti iliyotumika ufukweni, kwa umbali ule ule. Mtu aliye katika kelele hupaza sauti bila kujijua, na akiwa chumbani kimya huishusha. Ndiyo maana Nahodha atasikilizishwa mngurumo wa injini, atasimama, na atabeba gunia lenye uzito wa kweli anaposema M4-01.

Mistari ya Mwanga itarekodiwa ndani ya chumba kile kile tulichopigia picha, usiku usio na mvua, samani zikiwa mahali pake. Hakuna mashine itakayoiga chumba kile vizuri kuliko chumba chenyewe. Kabla ya mwigizaji kusema neno, msaidizi wa sauti atarekodi dakika moja ya chumba kikiwa kimya, watu wote wakiwamo ndani, na makofi machache makali yatakayotuonyesha mwangwi unavyokatika. Mvua itarudishwa baadaye chini ya maneno, kwa kuwa dirishani inaonekana.

Kwa Kibirizi tunahitaji pia dakika mbili za ufukwe injini zikiwa zimezimwa, na dakika mbili nyingine za injini ikinguruma, kila moja peke yake. Tukiondoa sauti ya asili chini ya M4-01 na M4-02, nyayo mchangani na magunia yanayotupwa vitatoweka navyo, na inabidi virekodiwe upya.

Kwa kila mstari tutahifadhi marudio matatu yanayofaa, yakiwa katika kilohezi 48 na biti 24, yenye majina ya mtindo wa `M4-02_MAMA_T03.wav`. Mwongozaji atachagua akitazama picha, si kwa kusikiliza pekee, na faili zote zitanakiliwa kwenye diski mbili kabla waigizaji hawajaruhusiwa kuondoka.