Dokta Kerokero na Mpango wa Milimita Mbili

(Usiku. Pangoni mwa DOKTA KEROKERO. RUKIA amefungwa kwa uzi wa kufumia, amekaa kwenye kigoda cha miguu mitatu. Dokta Kerokero amekaa kwenye kiti chake cha enzi cha mbao, kirefu mpaka miguu yake inaning'inia mbali na sakafu. Msaidizi wake, KIPEPE, ameshika rula. Radi: KRAAA!)

DOKTA KEROKERO:
Mwahahahaha! Umechelewa, Rukia! Umechelewa, na uzi huo usijaribu kuukata, nimeufuma mwenyewe wiki nzima!

Tazama vizuri usiku huu. Ndio usiku wa mwisho ambao binadamu watakaa kitako wakatulia. Kesho jua likichomoza, dunia nzima itaona cha mtema kuni!

Unadhani nataka dhahabu? Dhahabu ya nini, nzito hivyo! Unadhani nataka kuzima jua? Nikilizima, nitaonaje nyuso zenu mkikereka? Hao ni wabaya wavivu, hawana fikra. Mimi nataka kitu kimoja tu. (Anainama, ananong'ona.) Nataka kila kiti duniani... kiyumbe.

(Radi: KRAAA!)

Kidogo tu! Kiende hivi: gu-du. Kirudi hivi: gu-du. Mtu hataanguka, hataumia, wala hatakuwa na la kushtaki. Atakereka tu! Atakereka asubuhi, atakereka mchana, na usiku akikaa avue viatu, gu-du!

Kipepe, lete rula! Iinue, aione. Milimita 2. Unaiona? Kidogo kuliko unene wa ukucha wa ndovu! Napunguza milimita 2 kwenye mguu mmoja. Mmoja! Kipepe huyu alishauri tukate yote minne. Nikamwambia, Kipepe, ukikata yote minne sawasawa, kiti kinakuwa kifupi tu, na watu wenye miguu mifupi watanishukuru. SITAKI KUSHUKURIWA!

Lakini mguu mmoja ukipungua, aah! Kiti kinabaki kimesimama kwa miguu miwili inayotazamana pembe kwa pembe, na ile miwili mingine inapokezana kugusa chini. Ukiegemea huku, gu. Ukiegemea kule, du. Hesabu tupu, Rukia! Hesabu nzuri mpaka inaniliza.

(Anapangusa chozi kwa ncha ya joho.)

Unataka kujua kwa nini. Macho yako yanauliza. Sawa, nitakwambia.

Nilikuwa darasa la kwanza. Viti vyote darasani vilikuwa vimetulia kama mlima, isipokuwa kimoja. Nikapewa hicho. Nikaomba kwa adabu, "Jamani, nani tubadilishane?" Nikamwomba wa kulia, akasema "vumilia". Nikamwomba wa kushoto, akasema "vumilia". Nikamwomba hata wa nyuma, aliyekuwa amelala, naye akasema "vumilia" usingizini!

Siku hiyo tulikuwa tunachora mama zetu. Nikamchora mama yangu vizuri, macho yake, kitambaa chake kichwani, tabasamu lake. Imebaki mdomo wa juu tu. Naushusha mkono taratibu, taratibu... GU-DU! Penseli ikaruka. Mama akatokea na masharubu.

(Kimya. Kipepe anavua kofia.)

Akaipenda! Akaibandika ukutani! Na kila mgeni aliyeingia akauliza, "Huyu ni baba?" Mpaka leo, Rukia! MPAKA LEO!

Nikala kiapo. Nikasema, nitakapokuwa mkubwa, kila mtu atapata kiti changu. Kinyozi anyoe mteja anayeyumba! Bibi atunge uzi kwenye sindano, amekaribia, amekaribia, gu-du, aanze upya! Washiriki wa mashindano ya kukaa kimya washindwe wote! Na wale wanaocheza mchezo wa viti, muziki ukizimwa, wakimbilie kiti kilichobaki... halafu wasikitake!

Sasa, jeshi langu. Kipepe, fungua pazia!

(Pazia linafunguka. Kichuguu kikubwa. Mchwa maelfu wamejipanga mistari.)

Mchwa! Wanakula mbao kwa sababu matumboni mwao mna vijidudu vidogo sana vinavyosaidia kuyeyusha mti. Wewe ukila kiti utaumwa tumbo, wao wanashiba. Na hawa vibarua wangu hawana macho, kwa hiyo hata kiti kikiwa kizuri namna gani, hawakionei huruma!

Nilipata taabu kuwafundisha. Mwanzo nilipuliza filimbi. Nikapuliza mpaka mashavu yakavimba, na wao wametulia tu. Kumbe mchwa hawasikii kwa masikio kama sisi! Wanasikia mtikisiko kwa miguu yao. Basi nikabuni amri. Nikipiga mguu mara tatu, du, du, du, wanaanza kula. Nikipiga makofi mawili sakafuni, wanaacha. Kipepe anapima kwa rula. Milimita 2, basi!

Usitabasamu! Najua unachofikiria. Unafikiria kigoda chako hicho. (Anasaga meno.) Kigoda cha miguu mitatu, adui yangu mkubwa. Kata mguu mmoja, kitainama, lakini hakitayumba, kwa sababu miguu mitatu hugusa chini yote daima. Nimejaribu milimani, nimejaribu kwenye mawe, nimejaribu kwenye mgongo wa Kipepe. Hakiyumbi! Ndiyo maana nimekukalisha hapo wewe, mimi nisikione.

Na najua la pili. Unafikiria karatasi! Mtu anakunja karatasi, mara mbili, mara nne, anaichomeka chini ya mguu mfupi, kiti kimetulia. Ha! Hilo nimeliwaza zamani. Karatasi zote zilizokunjwa katika mji huu nimezikusanya. Na nimezikunjua! Moja moja! Kisha nimezipiga pasi, na zote nimezitupa mtoni. Humu pangoni hakuna kipande hata cha ukubwa wa stempu. Nimefikiria kila kitu!

(Anasimama juu ya kiti cha enzi, mikono juu. Kipepe anamvuta joho kwa wasiwasi.)

Niache, Kipepe, nimefika penyewe! Ewe dunia uliyeniambia nivumilie! Kesho utavumilia WEWE! (Anapiga mguu.) DU! Utavumilia mezani! DU! Utavumilia shuleni! DU! Mwahahaha!

(Kimya. Kutoka kwenye kichuguu: ngata-ngata-ngata-ngata. Mstari wa mchwa unapita chini ya joho lake kuelekea mguu wa kiti cha enzi. Kipepe anafumba macho kwa rula.)

Kipepe, mbona nasikia kutafuna? Unakula nini saa hizi?

(Anakaa. GU-DU.)

...Nani ametikisa?

(GU-DU.)

Rukia, acha! Aa, umefungwa. Kipepe, acha! Aa, uko kule. Basi nani... (Anatazama chini.) Hapana. Hapana, hapana! Si hiki! Hiki ni changu! Acheni! Makofi! Makofi mawili sakafuni!

(Ananyoosha mkono chini. Kiti ni kirefu mno. Anapiga makofi hewani. GU-DU. GU-DU. Kofia inamwangukia usoni.)

Rukia, mwanangu, binti mwema, mtoto mwenye adabu zake. Tubadilishane. Dakika moja tu. Wewe njoo kwenye enzi, mimi nikae hapo kwenye kigoda.

RUKIA:
Vumilia.

DOKTA KEROKERO:
(GU-DU.) Kipepe! Kimbia mtoni, Kipepe! Niletee karatasi! Hata yenye maji!