Majibu ya usaili wako, nafasi ya msimamizi wa stoo

Habari dada, za tangu Alhamisi.

Naenda moja kwa moja maana najua umekaa na simu mkononi unasubiri. Ile nafasi tumempa mwenzako, wewe safari hii hukuipata. Pole sana. Najua inauma, tena ukishafika raundi ya tatu na mmebaki wawili tu, ndo maana sikutaka upate ile meseji fupi inayotumwa kwa watu wote, nikaona nikuandikie mwenyewe.

Sababu ni moja na haina siri. Sisi mwezi ujao tunafungua stoo ya pili, na mwenzako ameshawahi kusimamia stoo tatu kwa wakati mmoja, hayo mambo ya kuhamisha mzigo huku na huku bila hesabu kuvurugika anayajua tayari. Wewe muda wote umekuwa kwenye stoo moja. Ni hilo tu, hakuna kitu kibaya tulichosikia kwa wadhamini wako, wote wawili wamekusema vizuri sana.

Halafu kuna kitu nataka ukijue. Lile zoezi la katoni 48 zisizoonekana, karibu kila mtu alikimbilia kusema zimeibiwa. Wewe ulichukua penseli ukaanza kufuatisha karatasi za kupokelea mzigo moja baada ya nyingine, kimya kabisa, mpaka ukaona moja imeingizwa mara mbili, namba ile ile tarehe tofauti, na bado hukumlaumu mtu, ukasema aliyekuwa zamu aulizwe kwanza. Mimi kwenye kazi hii hicho ndo kitu nakithamini kuliko vyeti, na popote utakapoenda usikiache.

Pa kurekebisha ni lile swali la ugomvi na dereva. Ulijibu "tuliongea tukaelewana" ukanyamaza, na sisi tulitaka kisa chenyewe, dereva alikataa nini, wewe ukasemaje, mzigo ukaishia wapi. Najua unacho, we kisimulie tu chote.

Sitakuahidi nafasi ambayo haipo. Tukija kutangaza nyingine ya stoo nitakupigia mwenyewe na hutarudia usaili wa kwanza, ila usisimamishe maombi yako kwingine kwa ajili yetu, ukipata pazuri nenda. Na kama kuna kitu unataka kuuliza kuhusu usaili, nipigie namba hii hii Ijumaa kuanzia saa nane mchana, nitakuwa na nafasi ya kuongea vizuri. Kama hujisikii kupiga pia ni sawa, naelewa.

Vile vyeti vyako halisi ulivyotuachia viko mapokezi kwenye bahasha ya kaki, nimeandika jina lako juu, unaweza kuvichukua siku yoyote ya kazi au umtume mtu, ila nijulishe kwanza jina lake wasije wakamzungusha.

Asante dada kwa muda wako wote ule.