Mama Ima, kuhusu ile picha yako ya profaili

Mama Ima, habari za jioni? Kikohozi cha Ima kimepungua? Leo usiku akikusumbua tena nipigie, hata ikiwa saa nane, nitakuja.

Nimekuandikia wewe peke yako. Haya sikutaka kuyasema kwenye kikundi chetu cha kikoba wala pale kazini mbele ya mafundi wenzako. Ni kuhusu ile picha uliyoweka wiki iliyopita. Nimeandika nikafuta mara tatu, maana naogopa kukuumiza, lakini nikiendelea kunyamaza nitakuwa nakukosea zaidi. Upendo, picha imependeza. Ila aliyemo si wewe.

Kuna jambo la Jumamosi nilikuficha. Yule mama wa Usa River uliyekuwa unamsubiri kwa ajili ya gauni la sendofu la binti yake alifika. Ilikuwa kama saa tano. Alisimama mbele ya meza yangu ya vitenge, simu mkononi, akanionyesha picha yako: "Samahani mama, namtafuta huyu fundi." Wewe ulikuwa hatua nne tu kutoka pale, umeinama kwenye cherehani unatunga uzi, miwani imeshuka puani. Nikamwambia ndiye huyo hapo. Akakutazama, akatazama simu, akakutazama tena. Kisha akasema taratibu, "Hapana, siyo huyu." Nikamwapia. Akasema alishawahi kutuma malipo ya awali kwa fundi wa kwenye simu, hakuona gauni wala hela, na safari hii hataki kubahatisha. Akaelekea stendi.

Saa nane ukaniuliza mbona mteja hatokei na simu hapokei. Nikakujibu labda foleni ya Tengeru. Nilikudanganya, mwenzangu, na naomba unisamehe. Niliogopa uso wako ungebadilika. Tangu siku hiyo nikikuona umekunja kile kitambaa cha mfano na kukiweka chini ya meza, roho inaniuma.

Na mimi mwenyewe nilisumbuka. Unakumbuka Jumatano uliniomba nikurushie elfu ishirini ya uzi na zipu, nikakupigia kwanza kabla ya kutuma? Ulicheka ukasema nimekuwa mgumu. Ukweli ni kwamba nilipoona ule uso juu ya meseji ya hela, nilidhani namba yako imeingiliwa. Unajua hawa watu wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walivyotusumbua. Nilitulia niliposikia sauti yako.

Nimeikuza ile picha nikaitazama vizuri. Kidevu kimechongwa, macho yamepanuliwa, pua imebanwa, na ngozi imesafishwa mpaka haina hata kinyweleo, imekuwa kama plastiki ya kitambaa cha meza. Rangi imepandishwa, na wewe weusi wako ule ndio nguo ya njano inausubiri. Lile kovu dogo juu ya nyusi, ulilolipata ulipoanguka mparachichi kwa bibi yako, halipo. Mwanya umezibwa. Upendo, mwanya! Watu wangapi wanautamani na hawakujaliwa?

Halafu meno. Hapa naomba uniruhusu niseme kama dada, maana nadhani ndipo yote yalipoanzia. Najua unapocheka unaweka kiganja mdomoni. Nimeliona hilo tangu tulipokutana, sikuwahi kukuuliza. Lakini umelelewa Maji ya Chai, ukanywa maji ya Maji ya Chai. Floridi iko nyingi kwenye maji ya miteremko ya Meru, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajengwa bado ndani ya ufizi, yanatoka na ile rangi ya kahawia. Hakuna mswaki wa kuitoa, na haitokani na uchafu wala uzembe wa mama yako. Nusu ya watu ninaowapenda mji huu wana meno hayo. Mchungaji wetu anayo, na Jumapili anacheka mpaka magego yanaonekana. Mteja akikukuta na meno ya kahawia huku picha ina meno meupe kama karatasi, hatafikiria maji. Atafikiria amedanganywa, na wewe hujamdanganya mtu hata siku moja. Gauni likiharibika unalirudia kwa kitambaa chako mwenyewe.

Sikusemi kwa sababu ulitaka kupendeza. Nani hataki? Nadhani simu yenyewe ndiyo iliyokuonea kwanza. Ukijipiga picha mwenyewe mkono ukiwa umekunjwa, simu iko karibu mno na uso, na kilicho mbele zaidi ndicho kinachokua: pua inavimba, masikio yanarudi nyuma. Ndiyo maana uliniambia siku ile "kumbe nina pua kubwa hivi." Huna. Anayekutazama kutoka upande wa pili wa meza haoni pua ile. Basi ukaanza kurekebisha kosa la simu, ukabana pua, ukaona macho nayo hayalingani, ukapanua macho, ukaendelea hivyo mpaka ukapotea. Tena simu nyingi zinatoka dukani ule urembo wa kamera ukiwa umeshawashwa, kwa hiyo hata kabla hujagusa kitu ngozi imeshalainishwa.

Ombi langu ni hili. Jumapili baada ya ibada nitapita kwako Kijenge. Nitakuja na simu ya mume wangu, ile yenye kamera nzuri ya nyuma, na urembo nitauzima kabisa. Utakaa kwenye kiti pale mlangoni, ndani kidogo ya kivuli, uso ukitazama uani ili mwanga ukujie kwa mbele. Tukichelewa mpaka jua la saa saba tutapata vivuli vyeusi chini ya macho, kwa hiyo usikae kupiga soga nje ya kanisa. Mimi nitasimama mbali, kama hatua mbili, kisha nitaisogeza picha kidogo tu. Vaa lile gauni la njano ulilojishonea mwenyewe, lenye mkono wa puto, ili mtu aone fundi na kazi yake kwa mara moja. Poda paka, wanja paka, lipstiki paka. Hivyo hata ukija kazini unavyo. Tutapiga hata hamsini, na utachagua wewe. Usipoipenda hata moja, sitakulazimisha.

Kwa sasa nimekutumia hapo chini picha moja. Ni ya kipaimara cha Baraka mwaka jana, mjomba wake alikupiga bila wewe kujua. Umeshika sahani ya pilau, kichwa kimerudi nyuma, unacheka, na kiganja hakikuwahi kufika mdomoni. Nimeitunza muda wote huu. Itazame polepole kabla hujasema chochote.

Namba ya yule mama wa Usa River bado unayo. Ukikubali, nitampigia mimi kesho asubuhi nimweleze kwamba nilikuwa pale, fundi ni yule yule aliyemwona kwenye cherehani, na aje hata na binti yake apimwe bila kutoa senti. Sendofu ni mwisho wa mwezi, muda wa kushona upo.

Kama nimekukwaza, niambie waziwazi, usinyamaze. Mpe Ima pole. Jumapili nitapitia maandazi njiani, wewe weka chai tu.

Mama Joshua