YAH: KUJITAMBULISHA NA MABADILIKO YA UTARATIBU WA KUAGIZA BIDHAA

14 Agosti

Kwa wasambazaji wetu wote,

Salaam. Naitwa Rehema, Afisa Ununuzi mpya wa kiwanda. Nimepokea kijiti kutoka kwa mwenzangu aliyehamishiwa idara ya uzalishaji. Nimekabidhiwa mafaili yenu yote, ya mbao, mabomba ya chuma, rangi, gundi na skrubu. Hakuna anayeondolewa kwenye orodha kwa sababu ya mabadiliko haya, na bei tulizokwisha kukubaliana zinabaki kama zilivyo hadi muda wake uishe.

Jambo la kwanza nililolikuta mezani ni ankara ambazo hazijalipwa. Ukiacha chache, pesa zilikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi. Mfano mmoja: ankara inadai makopo 50 ya vanishi, daftari la stoo linaonyesha yamepokelewa 48, na agizo lenyewe lilitolewa kwa simu. Msambazaji anasema aliambiwa mawili yaliyobaki atayaleta na mzigo unaofuata, lakini hakuna anayekumbuka aliambiwa na nani. Mhasibu hawezi kulipa kwa kumbukumbu za watu, kwa hiyo hata yale 48 yasiyo na ubishi yakakaa bila kulipwa. Utaratibu mpya umelenga hapo hasa.

Kuanzia tarehe 1 Septemba, kila agizo litatoka kwa hati ya agizo yenye namba, bei, idadi na sahihi mbili: yangu na ya Meneja wa Fedha. Nitaituma kwa barua pepe. Ukiipata, ijibu ndani ya siku 2 za kazi ukithibitisha bei na siku ya kuleta mzigo. Kama una nusu tu ya kilichoagizwa, sema hapo hapo, tutairekebisha hati kabla gari halijapakiwa.

Simu na ujumbe wa WhatsApp bado vinaruhusiwa kwa kuulizana bei na kufuatilia mzigo, ila si kwa kuagiza. Fundi au msimamizi wa zamu akikupigia akisema “lete tu, karatasi zitafuata”, tafadhali usilete. Najua wengi wenu mmekuwa mkituokoa kwa namna hiyo, na tunawashukuru, lakini ndiyo iliyozaa malimbikizo ninayoyasafisha sasa. Mashine ikiharibika usiku, Meneja wa Uzalishaji peke yake ndiye anayeweza kuomba mzigo wa dharura, kwa ujumbe wa maandishi, na hati itakufikia kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata.

Namba ya hati iandikwe kwenye hati ya kukabidhi mzigo na kwenye ankara. Stoo itapokea mizigo Jumatatu hadi Alhamisi, saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Ijumaa ni siku ya kuhesabu. Dereva asiondoke kabla mtunza stoo hajahesabu na kusaini. Kilichopungua au kilichoharibika kiandikwe pale pale, kwenye nakala zote mbili. Kilichozidi kitarudi na gari lililokileta.

Malipo ni ndani ya siku 30, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa siku tunayopokea ankara inayolingana na hati ya agizo na sahihi ya stoo. Mzigo ukija kwa awamu, kila awamu iwe na ankara yake, ili kisicho na tatizo kilipwe bila kusubiri kingine.

Kuhusu akaunti za benki nitakuwa mkali kidogo. Hatutabadilisha akaunti ya msambazaji yeyote kwa barua pepe pekee, hata ikiwa na nembo na mhuri. Tutakupigia kwenye namba iliyo kwenye faili lako la zamani, kisha tutahitaji barua iliyosainiwa. Nanyi mkipokea ujumbe kwa jina langu unaoomba “ada ya kusajiliwa” au kitu kidogo cha kuharakisha malipo, mpigieni Meneja wa Fedha moja kwa moja. Usajili hauna ada, na zawadi sipokei, za sikukuu zikiwemo.

Kwa mizigo iliyokwisha kuletwa bila hati, nitumieni kufikia tarehe 25 Agosti orodha ya ankara mnazodai, pamoja na nakala zilizosainiwa stoo. Zisizo na nakala zileteni pia. Tutakaa na mtunza stoo tuzipitie moja moja. Mkijibu barua pepe hii inanifikia mwenyewe, na alasiri za Jumatano nimeziacha wazi kwa anayependa kuja tuonane ana kwa ana.

Wenu katika kazi,

Rehema
Afisa Ununuzi

Nakala: Meneja wa Fedha; Meneja wa Uzalishaji; Mtunza Stoo